Kapsheni na transkripti kwenye vidio na sauti za tovuti: maswali tunayoulizwa kila siku

Tangu tuweke kapsheni kwenye vidio ya karafuu ya kikundi chetu cha kina mama hapa Wete, kila mtu mwenye tovuti ananiuliza yaleyale, wengine kwa simu, wengine wananikamata sokoni kabisa, kwa hiyo nimeona niyaweke yote pahala pamoja. Mfano nitakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni ileile vidio yetu, dakika 6 na sekunde 10, tuliipiga kwa simu shambani upande wa Konde, bibi mmoja anaonesha namna ya kuchambua karafuu na kuianika. Jioni yake tukamrekodi tena barazani kwake, sauti peke yake, dakika 18. Kwa hiyo nina vitu viwili, vidio na sauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Kapsheni si ndo sabtaito tu?

Hapana, zinafanana tu kwa macho. Sabtaito zinaandikwa kwa mtu anayesikia vizuri ila lugha haijui, sasa huyo ukimwandikia maneno yanayosemwa umemaliza, kwa sababu mlango ukigongwa anausikia mwenyewe. Kapsheni zinaandikwa kwa mtu ambaye mlango haujasikika kwake, kwa hiyo zinabeba maneno, nani anayesema, na kila sauti ambayo bila yake mambo hayafahamiki.

Hili mie nimefunzwa na binti ya ami yangu, kiziwi tangu mdogo, anasoma Kiswahili vizuri sana. Nilipomaliza kapsheni mara ya kwanza nikampa simu aangalie, nikakaa ubavuni kwake nina furaha yangu. Ilipofika dakika ya 2 na sekunde 14 akasimamisha, akarudisha nyuma, akaangalia tena, akanigeukia akaniandikia kwenye simu yake: wote wamegeuka kwa pamoja halafu bibi anacheka, kuna nini? Na kweli, tawi la mkarafuu lilikuwa limevunjika nyuma ya kamera, kelele kubwa, mchumaji mmoja karibu aanguke, ndo maana wote wakageuka. Nimeisikia ile sauti mara 20 wakati naandika wala sikuiona kama ni kitu cha kuandika, kwa sababu haikuwa neno. Siku ileile nikaongeza mstari mmoja, [Tawi la mkarafuu linavunjika], na hapo ndo vidio ikawa imekamilika kwake.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: mtu yeyote kwenye picha akigeuka, akicheka, akinyamaza ghafla au akikimbia, najiuliza kasikia nini, nakiandika. Ndege wanaolia mwanzo mpaka mwisho siwaandiki kila dakika, naandika mara moja basi.

Na transkripti ni kitu gani, kapsheni hazitoshi?

Transkripti ni maneno yote yaliyosemwa yameandikwa kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, chini ya vidio au sauti, mtu anasoma kwa mwendo wake bila kufukuzana na picha. Kwa sauti peke yake hiyo ndo ya lazima, hakuna picha ya kuangalia. Kwa vidio inamsaidia pia mtu asiyesikia na asiyeona, ambaye anasoma kwa vidole kwenye kifaa cha breli, kwa sababu kile kifaa kinasoma maandishi ya ukurasa, si maneno yanayopita juu ya picha. Na mwenye bando kidogo anasoma bila kufungua vidio kabisa.

Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, ambayo ndo watengeneza tovuti wanaifuata duniani, inaziweka zote mbili kwenye ngazi ya chini kabisa, ngazi A: kipengele 1.2.1 kinataka maandishi kwa sauti peke yake iliyorekodiwa, na 1.2.2 kinataka kapsheni kwa vidio iliyorekodiwa yenye sauti.

Naanzia wapi? Kazi yenyewe inafanywaje?

Andika maneno kwanza, saa za kapsheni baadaye. Watu wengi wanataka kufanya vyote kwa mpigo na ndo wanachoka dakika ya kwanza. Mie nasikiliza kipande cha sekunde nne au tano, nasimamisha, naandika, narudia, mpaka mwisho wa vidio, nikimaliza nina ukurasa mmoja na nusu wa maneno. Hiyo tayari ni nusu ya transkripti, usiitupe, isevu pembeni.

Halafu ndo nafungua programu ya kupanga saa. Natumia Subtitle Edit, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows. Inakuonesha sauti kama mawimbi chini ya skrini, pale anapoanza kusema unaona mlima unaanza, unaburuta mwanzo wa kapsheni mpaka hapo, na mwisho wake vilevile. Ukimaliza unasevu kwa muundo wa WebVTT, faili linaloishia na `.vtt`.

Zile dakika 6 zilinichukua saa tatu mara ya kwanza, sikufichi. Sasa hivi nafanya kwa saa moja na nusu hivi. Kinachokula wakati si kuandika, ni pale watu wawili wanaposema pamoja na upepo unapiga kwenye maiki, kwa hiyo nasaha yangu ni kwenye kurekodi: msogezee bibi simu ya pili mapajani irekodi sauti yake kwa karibu, utanishukuru.

Faili lenyewe linakaaje ndani?

Ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad. Hiki ni kipande cha letu:

```
WEBVTT

00:00:00.400 --> 00:00:02.600
[Upepo kwenye mikarafuu]

00:00:03.000 --> 00:00:06.600
BIBI: Karafuu hii imechumwa asubuhi,
sasa tunaichambua.

00:02:14.300 --> 00:02:16.400
[Tawi la mkarafuu linavunjika]
```

Mstari wa kwanza lazima uwe neno `WEBVTT`, halafu mstari mtupu, halafu kila kapsheni ina saa ya kuanza, mshale, saa ya kumaliza, na maneno chini yake. Baina ya kapsheni na kapsheni kuna mstari mtupu, na huo mstari mtupu ndo unaoiambia brauza kwamba hii imekwisha. Sasa ukiuweka katikati ya kapsheni kwa bahati mbaya, maneno ya chini yake yanapotea, hayatokei wala hakuna onyo lolote.

Jina la msemaji nimeliandika waziwazi, BIBI na nukta mbili. Kuna alama rasmi ya msemaji, `<v Bibi>`, lakini brauza hazioneshi hilo jina kwenye skrini, linabaki ndani ya faili tu, nilihangaika nalo mchana mzima nikidhani nimekosea. Andika jina pale msemaji anapobadilika au asipoonekana kwenye picha, si lazima kila mstari.

Kila kapsheni ikae muda gani kwenye skrini?

Hapa ndo pana kazi kuliko pote, na ndo watu wanaporuka. Kanuni nyingi za Kiingereza zinahesabu maneno kwa dakika, kwetu haiendi vizuri maana neno letu moja linabeba sentensi nzima, "tunayaanika" ni neno moja lakini macho yanasoma herufi 11. Kwa hiyo hesabu herufi kwa sekunde, pamoja na nafasi. Mie nashikilia herufi 15 kwa sekunde, mistari isizidi miwili, na mstari usizidi herufi 40 hivi. Kapsheni fupi kabisa naipa sekunde moja, ndefu kabisa sekunde 6 au 7.

Tuchukue mstari mmoja. Dakika ya 3 na sekunde 40 bibi anasema kwa haraka: "Makonyo hatuyatupi, tunayaanika mbali na karafuu, na yenyewe yana mteja wake." Hesabu, ni herufi 77. Kasema kwa sekunde tatu na nusu, kwa hiyo ukifata sauti yake unamlazimisha msomaji asome herufi 22 kwa sekunde, na hapo hapo anataka kuona mkono wa bibi unavyosokota kishada kutoa karafuu kwenye konyo, kile kijiti chake. Hawezi vyote. 77 ukigawa kwa 15 unapata sekunde 5 na kidogo. Bahati nzuri bibi akishasema ananyamaza akiendelea na kazi yake, basi nimeiacha kapsheni ikae mpaka sekunde 5.2 ndani ya ule ukimya:

```
00:03:40.200 --> 00:03:45.400
Makonyo hatuyatupi, tunayaanika mbali
na karafuu, na yenyewe yana mteja wake.
```

Kuchelewa kuondoka hakuna ubaya. Kuwahi kutokea ndo kubaya, kwa sababu msomaji anajua jibu kabla bibi hajafungua mdomo.

Na kama hakuna ukimya, mtu anaongea mfululizo? Hapo unapunguza, ila punguza "yaani", "unajua", na maneno aliyoyarudia, usipunguze khabari. Binti ya ami yangu ananiambia kinachomuudhi kuliko vyote ni kuona midomo inasema sana halafu kapsheni ina maneno mawili, anajua kuna kitu kafichwa.

Kuhusu kukata mstari: "ya", "wa", "la" zisibaki peke yake mwisho wa mstari, zishuke na neno lake. "Majamvi / ya kuanikia" inasomeka, "majamvi ya / kuanikia" inakwaza.

Bibi anasema Kipemba, niandike alivyosema au nisanifishe?

Andika alivyosema. Akisema sie andika sie, akisema mie andika mie, usimgeuze kuwa msomaji wa taarifa ya khabari. Anayesikia anapata lahaja ya bibi na ladha yake yote, kwa nini asiyesikia apewe nyingine? Tena wapo viziwi wanaosoma midomo pamoja na kapsheni, ukisanifisha maneno hayaoani na mdomo, wanachanganyikiwa.

Neno la kazi kama makonyo usilifafanue ndani ya kapsheni, hakuna nafasi wala muda. Liache lilivyo, halafu kwenye transkripti chini ndo unaweka maelezo kwenye mabano, kwamba makonyo ni vile vijiti vya kishada vinavyobaki karafuu ikishatolewa, na hutolewa mafuta. Msomaji wa Kigamboni ataelewa, na bibi atabaki bibi.

Aya, qasida na ngoma naandikaje?

Msemaji akisoma aya au dua kwa Kiarabu halafu mwenyewe akafasiri, naandika [Anasoma aya kwa Kiarabu] halafu tafsiri yake aliyoisema inaendelea kama kawaida. Ukitaka kuweka Kiarabu chenyewe faili linakubali herufi za Kiarabu, lakini nakili kutoka kwenye msahafu, usiandike kwa kusikia, hili nalisisitiza.

Mziki usiandike [mziki] ukaondoka. Mziki gani? [Ngoma ya msewe inaanza] inamwambia mtu kitu, [Taarab, ala ya kanuni peke yake] inamwambia kitu. Kama maneno ya wimbo au qasida yana maana kwenye khabari, yaandike, weka alama ya ♪ mwanzo na mwisho.

Napachikaje kwenye ukurasa?

Kama faili la vidio liko kwenye seva yenu wenyewe, kodi ya HTML ni hii tu:

```
<video controls preload="metadata" poster="karafuu.jpg">
  <source src="karafuu.mp4" type="video/mp4">
  <track kind="captions" src="karafuu.vtt"
         srclang="sw" label="Kiswahili" default>
</video>
```

`kind="captions"` iandike mwenyewe, ukiiacha brauza inachukulia kuwa ni sabtaito. `sw` ni alama ya Kiswahili. `label` ndo jina analoliona mtu kwenye menyu akibonyeza kitufe cha kapsheni. Na `default` ndo inayozifanya zitokee zenyewe bila mtu kutafuta kitufe, mie naiweka kila mara, asiyezitaka atazima. Uzito wa faili usikutie wasiwasi, letu la dakika 6 halifiki hata KB 10.

Nimefanya yote hayo na kapsheni hazitokei!

Hili ndo swali la kila wiki. Fuata mpangilio huu kabla hujalia.

Kwanza, umeifunguaje? Kama umebonyeza faili la HTML mara mbili kwenye laptopu na juu kwenye anuani unaona `file://`, basi Chrome inakataa kusoma faili la kapsheni kwa sababu za usalama, kodi yako haina kosa lolote. Ipandishe kwenye seva ujaribu huko, au kama una Python ingia kwenye folda ile kwa dirisha la amri uandike hivi, halafu ufungue `localhost:8000` kwenye brauza:

```
python3 -m http.server 8000
```

Pili, angalia nukta na koma. Watu wengi wana faili la zamani la `.srt`, wanabadilisha jina tu kuwa `.vtt` wakidhani yamekwisha. Kwenye SRT saa inaandikwa `00:00:03,000` na koma, kwenye VTT ni `00:00:03.000` na nukta. Brauza ikikuta koma inairuka hiyo kapsheni kimyakimya. Na baada ya nukta lazima tarakimu tatu, ukiandika `03.5` nayo inarukwa. Dalili yake ni hii: kitufe cha kapsheni kipo, unabonyeza, hakuna kitu. Au zinatokea baadhi na nyingine hakuna, hapo jua ni makosa ya mstari mmoja mmoja, nenda moja kwa moja kwenye ile ya kwanza isiyotokea.

Tatu, vidio na kapsheni ziko pahala tofauti? Kama ukurasa uko kwenye tovuti yenu lakini faili la `.vtt` liko kwenye seva ya jina jingine, brauza inalizuia. Dawa nyepesi ni kulihamishia faili la kapsheni kwenu, ni dogo hilo. Vidio inaweza kubaki huko huko.

Nne, zinatokea lakini zina vidude. Kwetu ilikuwa neno ng'ombe, linatokea na kialama cha swali ndani ya almasi nyeusi pale penye kitone cha juu. Sababu yake: maneno yaliandikwa kwenye Word, Word ikageuza kile kitone kikawa cha kupinda, halafu faili likasevuliwa kwa ANSI. VTT inataka UTF-8 peke yake. Fungua kwa Notepad, Save As, chini pale Encoding chagua UTF-8. Kiswahili chetu hakina herufi ngeni ndo maana kosa hili linajificha, unaweza kuangalia dakika tano nzima ziko safi mpaka atokee ng'ombe.

Vidio yetu iko YouTube, tumeipachika tu. Naongezaje?

Kwenye vidio ya YouTube huwezi kuongeza kapsheni kutoka kwenye ukurasa wako, lazima zipandishwe kwenye akaunti yenye vidio. Ingia YouTube Studio, Subtitles, chagua lugha Kiswahili, pandisha faili lako la `.vtt` uchague kuwa lina saa zake. Halafu kwenye ile anuani ya kupachika ongeza maneno haya ili zitokee zenyewe na kwa Kiswahili:

```
https://www.youtube.com/embed/KITAMBULISHO?cc_load_policy=1&cc_lang_pref=sw
```

Pale penye `KITAMBULISHO` weka kitambulisho cha vidio yako, zile herufi na tarakimu zake kwenye anuani. Ukikuta kapsheni zilizotengenezwa na mashine kwenye vidio ya mzee wa Kipemba, usiziache ukasema ipo kheri, zisome mstari kwa mstari uzisahihishe au uweke zako.

Kama vidio si yenu, zamani watazamaji waliweza kuchangia kapsheni kwenye vidio za wengine lakini YouTube waliiondoa hiyo Septemba 2020. Kilichobaki ni kumwandikia mwenye vidio na kumpelekea faili liko tayari, wengi wanakubali ukishawafanyia kazi. Wakati unasubiri, muombe ruhusa uweke transkripti chini ya vidio kwenye ukurasa wako.

Na ile sauti ya dakika 18 ya barazani?

Hapa pana mtego. Ukiweka `<track>` ndani ya `<audio>` hakuna kitakachotokea kwenye skrini, kwa sababu kile kidude cha sauti hakina pahala pa kuonesha maandishi. Kwa hiyo cha lazima ni transkripti, na mie naiweka chini yake tu hivi:

```
<audio controls src="baraza.mp3"></audio>
<details>
  <summary>Soma mahojiano yote</summary>
  <p>[00:00] MUULIZAJI: ...</p>
</details>
```

Iandike kwenye ukurasa wenyewe, usiweke PDF ya kupakua, na tafadhali usiweke picha ya maandishi, breli haisomi picha. Weka saa kila dakika moja au mbili ili anayesikia kidogo aweze kusikiliza na kusoma pamoja, akipotea anajua arudi wapi. Weka majina ya wasemaji, na sauti muhimu vilevile: barazani kwetu dakika ya 11 adhana ya magharibi inaanza, bibi ananyamaza mpaka imalizike, ndo aendelee. Nikiacha ile sehemu bila kuandika [Adhana. Bibi ananyamaza.] msomaji anaona mazungumzo yameruka kutoka bei ya karafuu mpaka msiba wa mumewe bila kituo, na kumbe kile kimya ndo kilichomkumbusha.

Ukitaka na kapsheni zinazopita pamoja na sauti inawezekana, tumia `<video>` badala ya `<audio>`, ipe faili la sauti, weka picha ya bibi kwenye `poster` na `<track>` kama kawaida. Kwa brauza ni vidio isiyo na picha inayotembea, na kapsheni zinatokea juu ya ile picha. Hiyo vidio ipe na urefu kwenye CSS isije ikasinyaa.

Tunataka kuirusha WhatsApp, faili la kapsheni linakwendaje?

Haliendi. WhatsApp inachukua vidio peke yake, kwa hiyo maneno lazima yagandishwe ndani ya picha. Kwa ffmpeg, programu ya kugeuza vidio unayoiandikia amri, ni mstari mmoja:

```
ffmpeg -i karafuu.mp4 -vf subtitles=karafuu.vtt -c:a copy karafuu-wasap.mp4
```

Lakini hiyo iwe nakala ya WhatsApp tu, kwenye tovuti weka ile safi na `<track>`. Yaliyogandishwa mtu hawezi kuyakuza wala kuyazima, na WhatsApp ikishaibana vidio maandishi madogo yanakuwa ukungu.

Si bora tuweke mkalimani wa lugha ya alama tukaachana na kuandika?

Wekeni vyote viwili kama mnaweza, kwa sababu si watu walewale. Aliyekua na Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili, mkalimani anamfikia moja kwa moja. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 60 hajui alama hata moja, huyo kapsheni ndo zake.

Ila angalia zisigombane. Mkalimani huwekwa kona ya chini kulia na kapsheni zinakaa chini katikati, kwenye simu zinamfunika mikono. Unazisogeza kushoto kwa kuongeza maneno haya mwisho wa mstari wa saa:

```
00:00:03.000 --> 00:00:06.600 align:start position:2% size:65%
```

Na pale jina la bibi na kijiji chake linapotokea chini ya picha, ile kapsheni moja ipandishe juu kwa `line:0` isilifunike.

Nimegundua kosa baada ya kuweka, nimerekebisha, lakini bado naona la zamani.

Brauza imeshika faili la mwanzo kwenye kumbukumbu yake. Kwako utaona jipya ukifuta kumbukumbu hiyo, lakini watazamaji wako hawatafanya hivyo, kwa hiyo badilisha kwenye kodi: `src="karafuu.vtt?v=2"`, safari ijayo `v=3`, brauza inaona ni faili jingine inalichukua upya. Na ukirekebisha neno kwenye kapsheni kumbuka kulirekebisha kwenye transkripti pia, sie tulikuwa na wiki nzima kapsheni zinasema siku 4 za jua na transkripti bado inasema 14.